Jibu Lisilohitaji Jicho

Dereva ametoka Dar es Salaam jioni, amepita Mlandizi, anaelekea Chalinze, na taa ya mafuta imeshawaka kwenye dashibodi. Mikono iko kwenye usukani. Anaiita simu aliyoiunganisha na redio ya gari na kuuliza sheli iliyo karibu iko wapi. Sauti inamjibu kwa adabu zote: "Hivi hapa vituo vitatu vya mafuta vilivyo karibu nawe. Gusa kimoja uone njia." Kisha kimya.

Jibu hilo halina kosa la sarufi wala la ukweli. Vituo vitatu vipo kweli, na kwenye kioo cha simu vimepangwa vizuri, kila kimoja na umbali wake. Lakini kwa aliyeuliza, ni kama hajajibiwa. "Hivi hapa" ni wapi? Aguse kwa mkono upi? Ili afaidike nalo, itabidi afanye mambo yale yale mawili aliyotaka kuyaepuka alipoamua kuuliza kwa sauti: ageuze macho na auachie usukani.

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akiangalia simu kwa sekunde mbili, amekwenda mita 44 bila kuiona barabara, na kwenye barabara yenye malori na bodaboda mita 44 zinatosha kwa mengi. Sekunde hizo mbili nimezitaja kwa sababu. Mwaka 2013 mamlaka ya usalama wa barabara kuu ya Marekani, NHTSA, iliwapa watengenezaji wa magari mwongozo kwamba kazi ya kufanywa kwenye kioo cha gari isimlazimu dereva kuangalia kwa zaidi ya sekunde mbili kwa mara moja, na jumla ya muda wote wa kuangalia isizidi sekunde 12. Nyuma ya mwongozo huo kulikuwa na utafiti uliofungwa kamera ndani ya magari 100 ya watu wa kawaida. Ulionyesha kuwa macho yakiondoka barabarani kwa zaidi ya sekunde mbili, hatari ya kugonga au kukoswakoswa huongezeka karibu maradufu.

Kwa hiyo jibu la "gusa kimoja" linamrudisha mtu pale pale alipokuwa anakimbia. Kwa nini basi mashine hujibu hivyo?

Sababu moja iko katika historia yake. Siri ya Apple ilipotoka mwaka 2011 iliishi ndani ya simu, mkononi mwa mtu, na kioo kilikuwa mbele ya macho yake. Sauti ilikuwa mkaribishaji tu. Shughuli yenyewe ilikuwa kwenye kioo. "Haya ndiyo niliyoyapata" lilikuwa jibu halali kabisa, maana aliyeambiwa alikuwa akitazama. Mwaka 2014 Amazon ikaleta Echo, spika ya mezani yenye umbo la mcheduara, isiyo na kioo chochote ila duara la taa juu yake. Walioitungia majibu hawakuwa na pa kujificha. Kama jambo halikusemwa, halikuwepo. Mwaka huo huo Apple ikaingiza mfumo wake ndani ya magari kwa jina la CarPlay, Google ikafuata na Android Auto mwaka 2015, na majibu yaliyotungwa kwa ajili ya mtu aliyeshika simu yakaanza kusomwa kwa mtu aliyeshika usukani.

Siku hizi kuna sababu ya pili, na nadhani ndiyo nzito zaidi. Majibu mengi hayatungwi tena na mtu aliyekaa kupima kila sentensi. Yanatungwa papo hapo na modeli za lugha, ambazo zimezoea kuandika kwa ajili ya kioo: vichwa vya habari, vitone, majedwali, viungo, na nyota mbili mbili za kukoleza wino. Modeli ikiandika hivyo hivyo na maandishi yakapelekwa kwenye sauti, ndipo unapokutana na vioja. Mifumo mingine husoma alama zote, ukasikia "nyota nyota" kabla ya kila neno zito. Mingine huzifuta alama kimyakimya, na hiyo ni mbaya zaidi, kwani kichwa cha habari huungana na sentensi inayofuata na msikilizaji asijue kimoja kimeishia wapi na kingine kimeanzia wapi.

Watu wa redio walikutana na tatizo hili karibu miaka mia moja iliyopita. Tarehe 22 Januari 1927 BBC ilitangaza kwa mara ya kwanza mechi ya ligi ya kandanda moja kwa moja kutoka uwanjani, Arsenal dhidi ya Sheffield United, pale Highbury jijini London. Waliogopa kuwa msikilizaji asiyeuona uwanja atapotea. Basi jarida lao, Radio Times, likachapisha mchoro wa uwanja uliogawanywa katika miraba minane yenye namba. Mtangazaji, Teddy Wakelam, alieleza mchezo, na mwenzake pembeni akawa anataja namba ya mraba ambako mpira umefika. Mwenye jarida mkononi alifuatilia kwa kidole. Asiye na jarida alisikia "mraba wa tano" na hakuambulia kitu.

Mpango huo haukudumu. Watangazaji walijifunza kuubeba uwanja wote ndani ya maneno: nani ana mpira, anashambulia goli la upande gani, yuko mbali kiasi gani na kumi na nane, nani anamkabili. Yeyote aliyekulia karibu na redio ya mechi siku ya Simba na Yanga anaijua kazi hiyo inavyofanywa na mtu anayeiweza. Hakuna anayesema "kama mnavyoona."

Tofauti yenyewe ni kwamba jicho lina mahali, sikio lina wakati tu. Maandishi yakiwa kwenye kioo, yanakungoja. Unaweza kurudi juu, kuruka mstari, kulinganisha safu ya kwanza na ya tatu, kuacha na kurejea. Neno likisemwa limepita, na lililobaki ni kile kilichoshikwa na kumbukumbu ya muda mfupi, ambayo ni ndogo kuliko tunavyodhani. Mwanasaikolojia Nelson Cowan, katika makala yake ya mwaka 2001, alikadiria kuwa mtu hushika mambo kama manne hivi kwa wakati mmoja. Huyo ni mtu aliyetulia. Dereva tayari anashika lori lililo mbele, bodaboda lililo kushoto na kibao cha mwendo alichokiona sasa hivi. Hapo nafasi iliyobaki ni ya mambo mawili, matatu yakizidi.

Turudi kwa dereva wetu tuone jibu lake lingejengwaje. Tuseme saa yake inaonyesha 19:57, na hiki ndicho alichoandaliwa kwenye kioo:

```
**Vituo vya mafuta vilivyo karibu**

| Na. | Kituo | Umbali  | Muda       |
|-----|-------|---------|------------|
| 1   | A     | 4.2 km  | hadi 20:00 |
| 2   | B     | 11 km   | 24/7       |
| 3   | C     | 12.6 km | hadi 22:00 |

Gusa kituo hapo juu uone njia.
```

Wazo la kwanza linalomjia mtu ni kulisoma jedwali hilo kwa sauti, safu kwa safu. Lakini likisomwa, linakuwa hivi: namba moja, kituo A, umbali nne nukta mbili kilomita, muda hadi ishirini kamili, namba mbili, kituo B... Kwa mwendo wa kawaida wa kuongea, maneno mawili hivi kwa sekunde, usomaji huo unakaribia nusu dakika, na gari limeshasogea zaidi ya nusu kilomita. Mwishoni dereva ana rundo la namba kichwani na bado hajui aende wapi.

Jedwali lipo ili jicho lilinganishe. Jicho likiondolewa, ule ulinganishi haupotei. Ni lazima mtu mwingine aufanye, na anayepaswa kuufanya ni mtunga jibu. Kilomita 4.2 kwa mwendo wa 80 ni dakika tatu na ushee. Dereva atafika kituo A saa mbili kamili usiku, akute pampu zinafungwa. Kituo C kiko mbali kuliko B na hakina kinachokizidi. Kwa hiyo jibu la kusikika ni hili: "Sheli ya karibu kabisa inafunga sasa hivi. Inayofuata iko kilomita kumi na moja mbele, na haifungi usiku. Nikupeleke hiyo?"

Linachukua sekunde kumi tu. Kituo C hakikutajwa hata kidogo, nacho hakikupotea; dereva akisema "hapana, nyingine," kitatajwa. Sababu ya kukiruka kituo A imetolewa, kwani dereva angekiona mwenyewe njiani akashangaa kwa nini alifichwa. Na "24/7" imekuwa "haifungi usiku," jambo analotaka kulijua mtu anayesafiri giza likiwa limeingia. Wabunifu wa majibu ya Alexa wana kipimo wanachokiita jaribio la pumzi moja: lisome jibu kwa mwendo wa kuongea, na kama pumzi imekuishia kabla ya jibu, jibu ni refu. Mimi ningekaza zaidi kwa gari kuliko kwa jikoni, lakini kama mwanzo, pumzi inatosha.

Kuna kazi ndogo ndogo ambazo msomaji huzifanya kwa macho bila kujijua, na ambazo kwenye sauti lazima zifanywe kabla. "Sh 3,050/L" ni lazima iandikwe "shilingi elfu tatu na hamsini kwa lita." Tarehe "3/4" haijulikani kama ni Aprili au Machi hadi mtu ataje mwezi. Saa ndiyo hatari zaidi kwa sisi tunaohesabu kuanzia mapambazuko: "19:30" ikisomwa kama ilivyo, "kumi na tisa na thelathini," inamwacha msikilizaji akitoa kumi na nane kichwani huku anapita lori. Iandikwe saa moja na nusu usiku kabla haijafika kwenye sauti. Anwani ya tovuti isisomwe kabisa; hakuna aliyewahi kuishika kwa sikio moja ile mikwaju na nukta.

Hapa msomaji anaweza kudhani kuwa kila neno la kuonyesha limepigwa marufuku. Sivyo. Sauti ikisema "sheli ya karibu inafunga, hiyo tuiache," neno "hiyo" linarejea kilichotoka kusemwa sasa hivi, na sikio bado linacho. Tatizo ni "hiyo hapo juu," inayorejea mahali kwenye karatasi asiyokuwa nayo. Vivyo hivyo, "ukivuka daraja, pinda kushoto" inataja kitu cha kuonekana, lakini kiko nje ya kioo cha mbele, kule kule macho ya dereva yaliko. Wenyeji wa miji yetu wamekuwa wakielekezana hivyo tangu zamani: ukifika msikitini, shika kulia, ukiona mbuyu umefika. Alama ya barabarani ni rafiki wa dereva. Kinachokatazwa ni alama ya kwenye kioo: kitufe chekundu, orodha ya chini, picha ya kulia, mshale wa bluu.

Wenye tovuti wana kanuni iliyo jirani na hii. Mwongozo wa W3C wa kurahisishia watu wenye ulemavu matumizi ya mtandao, ulioidhinishwa Desemba 2008, unataka maelekezo yasitegemee umbo, ukubwa au mahali pa kitu peke yake, kwa sababu asiyeona, anayesomewa na programu ya kusoma kioo, hana kulia wala kushoto kwenye ukurasa. Dereva aliye kwenye mwendo ni kama mtu huyo kwa muda wa safari.

Mahali jibu la kutegemea kioo linapoumiza zaidi ni kwenye kutuma ujumbe. Dereva anasema: "Mtumie Juma ujumbe, nimechelewa, nitafika saa kumi na mbili." Ndani ya simu kuna Juma wawili. Mfumo wa kivivu unauliza "Unamaanisha yupi?" na kuwaonyesha wote kwenye kioo, kisha unangoja. Dereva hajui hata kama swali lina majibu mawili au kumi. Mfumo uliofikiria unasema: "Una Juma fundi na Juma wa Tanga. Yupi?" Sasa ana majina, tena majina anayoyatumia mwenyewe, na anaweza kujibu kwa neno moja. Kisha, kabla ya kutuma, usimwambie "hakikisha kama uko sawa." Msomee: "Kwa Juma fundi: nimechelewa, nitafika saa kumi na mbili. Niutume?" Kusoma tena huku ndiko pekee kutakakomjulisha kwamba mashine imesikia "kumi na moja" badala ya "kumi na mbili," kosa ambalo machoni lingeonekana mara moja na masikioni halionekani hadi litamkwe.

Kwa waundaji wa programu, swali gumu ni namna ya kujua lini kioo kipo na lini hakipo. Apple imelitatua kwa kumtaka mwandishi wa programu atoe maandishi mawili kwa jibu moja: refu linalojitosheleza, na fupi la kusindikiza picha. Kwenye msimbo huonekana hivi:

```
IntentDialog(
  full: "Inayofuata iko kilomita 11 mbele, na haifungi usiku.",
  supporting: "Hiki hapa."
)
```

Maandishi ya `full` hutumika mahali pasipo na kioo cha kutegemea, kama vile kwenye spika ya HomePod au vipokea sauti vya masikioni. Yale ya `supporting` ni ya aliyeshika simu, ambaye "Hiki hapa" inamtosha. Ni utaratibu mzuri, nao unafichua kosa ambalo wengi hulifanya: kuuliza "je, kifaa kina kioo?" Gari lina kioo, tena kikubwa kuliko cha simu. Spika nyingi za jikoni sasa zina kioo, lakini mpishi amekipa mgongo na ana unga mikononi. La kuulizwa ni kama jicho lina nafasi, na njia salama ni kuchukulia kwamba halina. Aliye na nafasi hatapungukiwa kitu kwa kusikia jibu kamili.

Kioo kina kazi moja inayokubalika wakati gari linakwenda, nayo ni kutunza mambo ya baadaye. "Anwani nimeiweka kwenye simu yako" ni sentensi njema, mradi dereva hahitaji anwani hiyo ili aendelee na safari. Kitu cha kuandikwa kikae kwenye maandishi, kimngoje atakaposimama.

Anayetaka kulipima jibu hana haja ya maabara. Ampigie mtu simu, amsomee neno kwa neno, na amuombe afanye kinachotakiwa. Akiuliza "ipi?", "wapi?" au "ngoja, rudia," sehemu ile ile iliyomkwamisha ndiyo ya kuandikwa upya. Kwa mtumiaji wa kawaida, simu nyingi zina sehemu ya kuchagua majibu yasemwe kikamilifu. Kwenye iPhone iko katika mipangilio ya Siri, kwa jina la `Prefer Spoken Responses`. Kufanya uchaguzi huo kabla ya safari hupunguza yale majibu ya "haya hapa."

Hata hivyo, jibu likitungwa kwa ustadi wote huo, halimfanyi dereva kuwa huru kabisa. Profesa David Strayer wa Chuo Kikuu cha Utah na wenzake, katika utafiti uliotolewa na Wakfu wa AAA mwaka 2015, walipima madereva waliotumia mifumo ya sauti ya magari na simu. Kwa mifumo iliyowasumbua zaidi, akili ya dereva ilichukua hadi sekunde 27 baada ya mazungumzo kwisha kabla ya kurudi yote barabarani. Kwa mwendo wa pole wa kilomita 40 kwa saa, hizo ni mita 300 za mtu anayetazama mbele bila kuona sawasawa. Mikono ilikuwa kwenye usukani, macho kwenye lami, na fikra bado zinahangaika na mashine iliyoelewa vibaya.

Ndiyo maana swali la mwishoni mwa jibu, lile la "Nikupeleke hiyo?", linahitaji uangalifu wake. Alexa humngoja mtu kama sekunde nane, kisha humuuliza tena. Jikoni sekunde nane ni nyingi. Dereva anayelipita lori hawezi kujibu ndani ya sekunde hizo wala hatakiwi kujaribu, na mfumo unaomkumbusha katikati ya kulipita lori umemletea mzigo wakati mbaya kuliko wote. Ulio bora hunyamaza, hushikilia swali lake, na humpokea atakaposema "ndiyo" dakika moja baadaye bila kumwanzishia upya. Na kama atakachokiuliza kinahitaji maelezo marefu, tuseme taratibu za bima au barua ya kusomwa aya kwa aya, jibu la kweli ni kwamba hilo lingoje hadi Chalinze, gari likiwa limezimwa.